Pampu Niliyoikalia

Kwanza niseme ya maandishi yangu, maana kosa lilitoka humo.

Mimi nimesoma madarasa matatu tu, na yote matatu nimeyasoma Unguja, ambako baba alikuwa mshonaji wa kanzu. Chuoni nilihitimu msahafu, hilo nashukuru. Lakini skuli niliondoka nikijua kuandika Kiswahili na kujumlisha, basi. Tuliporudi kwetu Ngazija, Komoro, nikakuta kila kitu cha serikali ni Kifaransa. Lugha ya nyumbani naisema vizuri. Kifaransa nakisikia kama redio ya jirani. Najua wanapotangaza kifo na wanapotangaza mvua, katikati napotea.

Kazi ya ghala niliipata kwa mgongo. Walitaka watu wa kubeba vitanda vya hospitali kutoka bandarini Moroni, wakatuchukua sisi watano, na wenzangu wanne wakaenda Ufaransa mmoja mmoja, mimi nikabaki na ufunguo. Nikaitwa mtunza ghala. Hakuna aliyeniuliza cheti.

Ghala lenyewe lilikuwa la idara ya afya, bati juu, sakafu ya mawe meusi ya volkeno, joto la kuivisha mkate. Ndani mlikuwa na daftari moja kubwa, lenye sanduku lake la kufungia, na daftari hilo ndilo lililokuwa na mamlaka kuliko sisi sote. Kila kitu cha idara katika visiwa vyote kilikuwa na mstari wake humo: namba, jina la kitu, kilitoka wapi, mwaka gani, kiko wapi, hali yake. Namba hiyohiyo niliipaka kwenye kitu chenyewe kwa rangi nyeupe. Kitu kisicho na namba hakipo, hata kama kimekuangukia mguuni. Na kitu chenye mstari kipo, hata kama kimekufa zamani, mpaka kamati ikae, iandike, isaini, ndipo mstari wake ukatwe kwa wino mwekundu. Ndiyo maana daftari letu lilijaa maiti: mizani bila sahani, friji bila mlango, gari ambalo mti wa mpapai ulikuwa umeota ndani yake.

Mwaka mmoja mkuu wangu akaitwa na wakubwa, akarudi na jambo. Mkuu wangu alikuwa kijana kwangu, amesoma Ufaransa, mtu safi, shati jeupe, na ghalani alikuwa haingii kwa sababu ya hilo shati. Akasimama mlangoni akaniambia, "Mzee, wanataka ripoti. Vitu vyote vibovu. Kipi kiuzwe, kipi kitengenezwe, kipi kifutwe. Visiwa vyote vitatu."

"Nani ataenda?"

"Wewe. Mimi nitaandika."

Kazi hiyo haina siri kubwa, ila ina utaratibu. Unasimama mbele ya kitu, unalinganisha namba yake na daftari, halafu unajiuliza. Cha kuuza ni kile ambacho sisi hatukihitaji ila mtu mwingine atakitaka: kitanda cha chuma, kabati, gari bovu. Cha kutengeneza ni kile ambacho kipuri chake kinapatikana, yupo mtu wa kukifunga, na gharama yake haikaribii bei ya kipya. Cha kufuta ni kile kisicho na dawa, au kile ambacho hata kikiwa na mnunuzi hakiuziki, kama mashine ya kupigia picha za mifupa, au vipimo vya presha vyenye zebaki ndani. Hivyo haviendi mnadani. Huharibiwa mbele ya mashahidi na karatasi husainiwa. Nilikuwa nayajua haya kwa miaka, bila Kifaransa.

Basi nikaanza na Moroni, nikamaliza, nikaenda Mwali, nikamaliza, nikapanda ndege ndogo kwenda Nzuani. Niliandika kwenye karatasi zenye mistari, kaboni katikati, nakala moja yangu na moja ya mwenyeji. Na kwenye safu ya mwisho, kwa kuwa sikuwa na nafasi wala hamu ya kuandika sana, niliweka herufi. U, uza. R, rekebisha. F, futa. Ningeandika T, tengeneza, kama watu wote wanavyosema, mengi ya haya yasingetokea. Lakini mwalimu wangu wa Unguja alikuwa mtu wa "rekebisha". Rekebisha mwandiko, rekebisha kola, rekebisha tabia. Limenikaa.

Hospitalini Mutsamudu, mji mkuu wa Nzuani, ghala lilikuwa la mwanamke. Mjane, umri wangu au kunizidi kidogo, mnene, funguo kaziingiza ndani ya fundo la leso kiunoni, na ulimi kama wembe. Alikuwa ameishi Mombasa na marehemu mumewe, kwa hiyo Kiswahili tulikuwa nacho sote wawili, na tulikitumia kama watu waliokutana ugenini. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Kwa hiyo Moroni wametukumbuka," akasema. "Wametuletea mtu wa kutuhesabu."

"Vitu, bibi. Watu siwahesabu."

"Ndoa kuu umeshafanya?"

Hapo alinichoma. Msomaji asiye wa kwetu hatajua: Ngazija mwanamume hata awe na mvi, hata awe na wajukuu, kama hajafanya ile harusi kubwa ya kulisha mji mzima, yeye bado ni mtoto, anakaa nyuma, na neno lake halihesabiwi. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na kitu na nilikuwa bado mtoto.

"Bado," nikasema.

"Afadhali. Basi akiba yako hujailisha ng'ombe wa watu. Nyinyi Wangazija mnakula harusi mwaka mmoja mnashinda njaa kumi."

"Na nyinyi Wanzuani mnahesabu punje za mchele kabla ya kumkaribisha mgeni."

"Tunahesabu ndiyo. Ndiyo maana ghala langu halina upungufu. Lako?"

Nikatoa karatasi zangu. Tukaanza kazi. Siku tatu tulihesabu pamoja, na sijapata kufanya kazi na mtu makini kama yule. Nikisoma namba, yeye ameshaweka mkono juu ya kitu. Saa ya chakula aliniletea mihogo ya nazi na samaki, akasimama kuniangalia nile, kunionesha kwamba punje hakuzihesabu.

Siku ya tatu tukafika kwenye jenereta. Ilikuwa katika kibanda cha matofali nyuma ya chumba cha upasuaji, kubwa, ya kijani, zawadi ya watu wa nje. Haikuwa imewaka kwa zaidi ya mwaka. Umeme wa mji, anayejua Nzuani ya wakati ule anajua, ulikuwa unakuja kama mgeni asiyependa nyumba.

"Hii ina nini?" nikauliza.

"Pampu ya dizeli. Ile inayosukuma mafuta kwenye injini. Mwili wote mzima, moyo ndio umekufa."

"Kipuri?"

"Kiliagizwa. Kilifika." Akavuta karatasi kutoka faili, taarifa ya meli, imeandikwa namba ya sanduku. "Kilifika Moroni. Nimeandika barua tatu. Unajua tunafanyaje umeme ukikatika mwanamke yuko mezani tumbo wazi? Mimi ndiye ninayeshika tochi. Mtunza ghala! Daktari anashona, mimi nashika tochi, na mkono ukichoka sithubutu kubadilisha mkono. Mwezi uliopita betri zilikufa katikati. Tulimalizia kwa taa ya gari, wakaisogeza dirishani."

Nilikuwa naitazama ile namba. Nilikuwa naijua. Mwisho wake ni saba na saba. Lilikuwa sanduku la mbao, dogo, imara, pembeni mwa mlango wa ghala langu Moroni, mahali panapopita upepo. Mwaka mzima nilikuwa nikilikalia kila asubuhi nikinywa chai.

Nitasema ukweli, maana huu uzee hauna faida nyingine. Sikumwambia kwamba nilikuwa nikilikalia. Barua zake tatu zilikuwa za Kifaransa, nilizipeleka juu zikapotea huko juu, na sanduku lilikuwa limeandikwa Kifaransa vilevile. Nilimwambia tu, "Ipo. Nimeiona. Nikirudi nitaileta."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikaandika kwenye mstari wa jenereta: R. Tukasaini sote wawili, akapiga muhuri wa hospitali.

Nilirudi Moroni na homa. Malaria ilinilaza wiki mbili kwa dada yangu kule Itsandra, nikitapika hata maji. Karatasi zangu nilikuwa nimezipeleka kwa mkuu siku niliyoshuka, nikamwambia, "Maelezo nitakusimulia." Hakusubiri kusimuliwa. Wakubwa walikuwa wanaitaka ripoti. Akampa mpiga chapa, kamati ikakutanishwa: mkuu mwenyewe, makanika wa serikali, na mzee mmoja wa idara ya mali za serikali, ile inayoendesha minada. Wakasaini. Nilipopata nafuu nikaletewa nakala nne nisaini mimi kama mtunza ghala, nikasaini zote nne bila kusoma, kama mtu anayejibu salamu. Ningesoma nini? Kilikuwa Kifaransa.

Kisha Nzuani wakajitenga. Hayo yanajulikana, sitayarefusha. Wakapandisha bendera ya Wafaransa, wakasema hawataki tena kuwa na sisi, wao na Moroni basi. Serikali ikapeleka askari, askari wakashindwa. Kwetu Moroni watu waliokuwa wakila na Wanzuani sahani moja wakaanza kuwatazama kwa pembe ya jicho, na Wanzuani wengi wakafunga mizigo. Aliyekuwa akinitengenezea viatu mtaani Badjanani, Mnzuani, mtu mpole sana, alifunga duka akaniachia ndara zangu kwa jirani, zimeshonwa tayari. Pampu nilikuwa nimeiombea hati ya kutoka ghalani. Mkuu akasema ngoja hali itulie. Nikangoja. Sanduku sikulikalia tena, nililipandisha rafuni, nikawa nanywa chai wima.

Siku moja likaja lori. Dereva akashuka na karatasi mkononi. "Nimekuja kuchukua kile chombo kikubwa cha kuchemshia vyuma vya upasuaji. Kinakwenda kituo cha afya cha kaskazini."

"Kipi?"

"Hiki hapa, namba hii."

Nikampeleka uani. Chombo kilikuwa kama pipa la chuma, hakina kifuniko, chini kimetoboka, na kuku wa mlinzi walikuwa wamekifanya nyumba.

Dereva akachungulia. "Hapa imeandikwa kinafanya kazi."

"Kinafanya," nikasema. "Jana kimetaga mayai matatu."

Alicheka, nami nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekiandikia F. Futa. Nani kaandika kinafanya kazi?

Nikachukua nakala yangu ya ripoti nikaenda nayo kwa yule mzee wa idara ya mali. Alikuwa mtu mkavu, mwembamba, miwani imefungwa uzi, ana kalamu yake ambayo haazimi mtu. Lakini hakuwa na kiburi cha kusoma. Nikamwambia, "Kaka, nisomee hii kwa lugha yetu, mstari kwa mstari."

Akasoma. Kila penye F yangu, ripoti ilisema *fonctionne*, kinafanya kazi. Kila penye U, ilisema *utilisable*, kinatumika. Na kila penye R, ilisema *réforme*.

"Réforme ni kurekebisha, sivyo?" nikamwuliza. Maana redioni kila siku wanasiasa walikuwa wakisema réforme, na nilijua wana maana ya kurekebisha nchi.

"Redioni ndiyo," akasema. "Ofisini, mashine ikiwa réforme, imestaafishwa. Inatolewa katika daftari, inakwenda mnadani. Ni neno lilelile. Na nchi nayo tutaona itakuwa maana ipi." Akavua miwani. "Herufi hizi zilikuwa na maana gani?"

Nikamwambia. Uza, rekebisha, futa. Akacheka mpaka akakohoa, na ile kalamu ikamwanguka.

Mpiga chapa alikuwa amezisoma herufi zangu kwa Kifaransa. Maana yake basi ilikuwa hii: takataka zote za visiwa vitatu zilikuwa zinafanya kazi kwa saini ya serikali. Vya kuuza vilibaki vinatumika. Na kila kitu kilichostahili kupona kilikuwa kimehukumiwa.

"Jenereta ya Mutsamudu?" nikauliza.

"Réforme. Yenyewe iko kule, hatuwezi kuiuza sasa. Ila kipuri chake kiko kwako. Kipuri cha mashine iliyostaafu hakina kazi, kinauzwa pamoja na vingine." Akapekua. "Fungu la kumi na moja. Mnada ni Alhamisi ijayo. Kuna mfanyabiashara mwenye jenereta ya aina hiyohiyo, ameshakuja kuuliza."

Nikaenda kwa mkuu siku hiyohiyo. Nilimkuta anaandika. Nikamwambia yote, pamoja na sanduku na chai, nilidhani nikisema aibu yangu yote kwa mkupuo hatapata ya kuongeza.

Akasikiliza. Akaweka kalamu chini polepole. "Mzee, unajua unachoniambia? Unaniambia nimepeleka juu ripoti ya uongo."

"Ya makosa, mkuu. Kosa langu."

"Nikiandika kwamba ni kosa lako, daftari hutaligusa tena. Nitalazimika kumleta mtu aliyesoma."

"Andika."

Akaishika tena kalamu. Nadhani alitegemea nibembeleze. Akasema, "Sawa. Ya Moroni na Mwali tutayasahihisha. Lakini hiyo jenereta iache ilivyo."

"Kwa nini?"

"Mzee, wamepandisha bendera ya watu. Wamewapiga risasi askari wetu. Mimi nipeleke pampu ya kuwatengenezea?"

"Pampu si ya bendera. Ni ya wanawake wanaopasuliwa."

"Usinihubirie. Iache."

Hakuwa mtu mbaya. Siku zile ungemwuliza mtu yeyote wa Moroni angesema hivyohivyo, na Mutsamudu wangesema hayohayo juu yetu. Nami nilitoka pale nimeshindwa.

Masahihisho yalihitaji kamati ileile ikae tena na kusaini hati mpya, maana hati iliyosainiwa haichorwi juu, inafutwa na hati nyingine. Wakakaa Jumatatu, katika ofisi ya mkuu. Mimi nilisimama karibu na mlango, naitwa kueleza herufi. Wakaenda vizuri, mstari kwa mstari, makanika akicheka kila tukifika kwenye F. Wakafika kwenye jenereta ya Mutsamudu. Mkuu akasema, "Hiyo inabaki réforme. Endelea."

Yule mzee wa mali hakuendelea. "Kwa sababu gani? Sharti niandike sababu."

"Sababu inajulikana. Kule si mikononi mwetu tena."

Mimi nikaropoka. Wallahi sikukusudia ujanja, nilikuwa nauliza kama mtu wa ghala. Nikasema, "Basi mkuu, na hospitali nzima niikate wino mwekundu? Maana vitanda vyao, friji zao, mizani zao, vyote vina mistari katika daftari letu. Kama jenereta si yetu, hivyo navyo si vyetu. Ni kurasa sita."

Makanika akaacha kucheka.

Mzee wa mali akafungua kalamu yake, ile asiyoazima, akaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya mkuu. "Anayetaka kuiondoa Mutsamudu katika mali ya serikali ya Komoro aandike kwa mkono wake," akasema, "mimi nitamshikia karatasi isipeperuke. Lakini kama Mutsamudu ni yetu, jenereta ni yetu. Na jenereta yetu ina kipuri, yupo wa kukifunga, na kipuri tumeshakilipia. Hiyo ni kutengeneza. Hakuna safu nyingine ya kuiweka."

Redio ya serikali ilikuwa ikisema kila siku kwamba Nzuani ni yetu na itabaki yetu. Mkuu aliitazama ile kalamu muda mrefu. Kisha akamwambia mpiga chapa, "Jenereta, Mutsamudu. *À réparer*." Na hati ya kutoka ghalani akaisaini, maana kitu kikiwa cha kutengeneza na kipuri kipo, huwezi kukizuia ghalani ukaeleza. Akanirushia. "Nataka risiti," akasema. "Iliyosainiwa na mtunza ghala wa kule. Na mzee, risiti ikija na muhuri wa hiyo dola yao, mimi siipokei. Nikiipokea nimeitambua dola. Itakuwa pampu ya serikali umeipoteza wewe."

Nilikwenda na mashua ya injini ya mtu wa vitunguu. Meli za kawaida zilikuwa zimesita, lakini wenye biashara hawakuacha kuvuka, watu wa Mutsamudu nao lazima wale. Bandarini vijana wenye bunduki walinisimamisha.

"Mngazija wewe?"

"Mngazija."

"Umekuja kupeleleza?"

"Nimeleta pampu ya hospitali."

Wakafungua sanduku, wakaitazama kama bomu. Mmoja akasema, "Waongo hawa. Tangu lini Moroni wakaleta kitu?" Mwingine, mkubwa wao, akaniuliza ni nani hospitalini ananijua. Nikasema mwenye funguo kiunoni. Wakacheka wote. Walikuwa wakimjua, mmoja alikuwa amezaliwa mikononi mwa dada wa mwanamke huyo. Wakanibebea sanduku mpaka mlangoni.

Mjane alikuwa anakunja mashuka. Akaliona sanduku kabla ya kuniona mimi. Akasoma namba, akaweka mkono juu yake, kama alivyokuwa akifanya tulipohesabu.

"Umechelewa," akasema.

"Nimechelewa."

"Miezi minane."

"Na mwaka mmoja kabla ya hapo," nikasema, na hapo ndipo nikamwambia kwamba nilikuwa nimelikalia. Alinitazama hata nikatamani wale wenye bunduki warudi.

"Kwa makalio?"

"Kwa makalio."

"Nilidhani watu wa Moroni wanakalia mambo yetu kwa maneno tu," akasema. Akageuka, mabega yakitikisika, na sikujua kama analia au anacheka, mpaka akapiga paja.

Makanika wao alifunga pampu alasiri ile na asubuhi iliyofuata. Walitoa hewa kwenye mirija ya mafuta, wakajaribu, ikagoma, wakatoa tena, na karibu na adhuhuri ikashika. Moshi mweusi kwanza, halafu ikatulia. Yule mjane alikwenda chumba cha upasuaji, akawasha taa, akazima, akawasha, akarudi.

"Haya, karatasi yako."

Risiti nilikuwa nimeiandaa: namba, jina la kitu, nafasi ya saini. Akasaini. Mkono wake ukaenda kwenye muhuri, nami nikasema, "Usipige."

"Nisipige? Mkurugenzi mpya ameamuru, karatasi haitoki humu bila muhuri. Mlinzi mlangoni anakagua."

"Muhuri gani?"

Akanionesha. Ulikuwa mpya, mpini bado unang'aa. Dola ya Nzuani.

Nikamweleza maneno ya mkuu. Akafikiri, funguo zikilia kidogo kiunoni. Kisha akaugonga muhuri, juu kabisa, pembeni mwa karatasi, mbali na maandishi. Tukatoka pamoja. Mlinzi akakagua, akaona muhuri, akaturuhusu. Nje ya geti, chini ya ukuta, akatoa mkasi wa kukatia bandeji mfukoni mwa koti lake jeupe, akaikata ile pembe, akaikunja na kuitia katika fundo la leso pamoja na funguo.

"Huyu wenu apate yake," akasema, "na huyu wangu apate yake. Nenda, mashua haingoji."

Mkuu alikuwa anakula mkate niliporudi. Nikampa risiti. Akaigeuza, akaitazama mahali ilipokatwa.

"Mbona haina pembe?"

"Panya, mkuu."

"Panya." Akapitisha kidole kwenye ukingo, ulionyooka kama rula. "Panya wa Mutsamudu wana mkasi."

"Wana kila kitu wale," nikasema.

Akaifungua faili akaitia ndani, akaandika namba yake juu. Kisha akanyoosha mkono bila kuniangalia, nami nikatoa ufunguo wa sanduku la daftari nikamwekea kiganjani. Wiki iliyofuata akaletwa binti mmoja aliyemaliza sekondari, mwandiko kama wa mashine. Mimi nilibaki na ufunguo wa mlango, na kubeba.